Kabla ya Mfuko wa DAP, Kilo Moja ya Udongo

Hotuba ya kumshawishi mkulima apime udongo huanza vizuri zaidi na mfuko mtupu wa mbolea. Bwana shamba au bibi shamba anayeijua kazi yake huuomba kwa mmoja wa waliohudhuria, akauinua mbele ya mkutano, kisha akauliza: hizi namba tatu zilizopigwa chapa hapa, 18-46-0, zinatuambia nini?

Watu wameubeba mfuko huo mabegani msimu baada ya msimu, lakini namba zile ni wachache waliowahi kuelezwa. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosfati, ya tatu potashi, zote kwa asilimia. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Potashi hamna hata chembe. Mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni na hauna kingine cha kulisha mmea. Hapo ndipo msemaji anaweza kusema, "Wazee wangu, mama zangu, mnaponunua mfuko huu mnanunua vitu viwili. Je, kuna aliyewahi kuambiwa na shamba lake kwamba linavihitaji vyote viwili?"

Swali hilo linafaa sana Mkuza. Kata hii iko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, kwa hiyo wakazi wake hukutana katika mkutano wa mtaa. Ukielekea kusini-mashariki, ndani ya Wilaya ya Kisarawe, utakuta vijiji, na huko sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Mikutano hiyo ndiyo mahali pa kulisema jambo hili, maana Kibaha na Kisarawe watu na mashamba vimechanganyikana. Si ajabu familia moja kuwa na bustani nyuma ya nyumba Mkuza, na ekari za mihogo na mahindi mbali kidogo, Kisarawe. Duka la pembejeo huwauzia mfuko uleule kwa mashamba yote mawili.

Ardhi yenyewe haifanani. Sehemu kubwa ya ukanda huu wa Pwani ni mchanga, au tifutifu lenye mchanga mwingi. Udongo wa namna hiyo hulimika kwa urahisi hata kwa jembe la mkono, lakini una mboji kidogo, na kwa sababu hiyo hauna uwezo mkubwa wa kushika virutubisho. Mvua kubwa ya masika ikipita, naitrojeni na potasiamu huzama chini kuliko mizizi inavyofika. Kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, kuna mfinyanzi mweupe wa kaolini ambao umejulikana tangu enzi za Wajerumani. Kwa macho mtu angedhani mfinyanzi ni lazima uwe na rutuba kuliko mchanga. Kaolini, hata hivyo, ni katika aina za mfinyanzi zenye nguvu ndogo kabisa ya kushika virutubisho, na udongo uliotokana nayo mara nyingi huwa na tindikali.

Juu ya tofauti hizo za asili kuna zile zilizoletwa na watu. Kibaha ni eneo la wafugaji wa kuku, na mbolea ya kuku imemwagwa kwa miaka mingi kwenye bustani zilizo karibu na mabanda. Mbolea ya kuku ina fosforasi nyingi, na fosforasi haisafiri ovyo udongoni kama naitrojeni. Inabaki palepale inapowekwa na kujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Shamba la mbali halijawahi kuonja kitu hicho. Limelimwa mihogo, likavunwa, likalimwa tena.

Bei nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda duniani, mfuko mmoja wa DAP nchini ulivuka shilingi 120,000. Agosti 8 mwaka huo, siku ya Nanenane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku jijini Mbeya, na mkulima aliyejiandikisha akaweza kuupata mfuko wa DAP au wa urea kwa shilingi 70,000. Ruzuku iliwapunguzia watu mzigo mkubwa. Lakini ruzuku hupunguza bei ya mbolea, haichagui mbolea. Mfuko usiohitajika hata ukiuzwa nusu bei bado ni hasara, na kwa mwenye ekari mbili hasara hiyo ndiyo ada ya mtoto.

Kwa hiyo msemaji afanye hesabu hadharani, mbele ya kila mtu, kwenye ubao au kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Tumchukue mkulima wa mfano, mama wa Mkuza mwenye ekari moja ya mahindi karibu na banda la kuku na ekari nyingine moja Kisarawe anakozungusha mahindi na mihogo. Kila mwaka hununua mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia kwa kila ekari. Tuseme kila mfuko anaupata kwa shilingi 75,000. Mwaka huu amepeleka sampuli mbili maabara kabla ya kufungua pochi.

Majibu ya ekari ya Mkuza yanasema hivi: kipimo cha tindikali, yaani pH, ni 6.2, hali nzuri kwa mahindi. Fosforasi ni miligramu 38 kwa kila kilo ya udongo. Katika viwango vinavyotumika Tanzania kwa njia ya Bray, inayotumiwa kwenye udongo wenye tindikali, chini ya 7 ni haba, kati ya 7 na 20 ni wastani, na zaidi ya 20 ni nyingi. Naitrojeni ni asilimia 0.06, kiwango cha chini sana.

Maana yake ni kwamba fosfati yote kilo 23 ya mfuko wa DAP ingeongezwa mahali ambapo tayari imejaa. Anachohitaji mama huyu ni naitrojeni. Basi aache DAP, lakini asisahau kwamba DAP nayo ilikuwa ikimpa kilo 9 za naitrojeni. Asipozirudisha, mahindi yatapungukiwa. Kilo 9 hizo zimo ndani ya kilo 20 hivi za urea, ambazo kwa bei ile ni shilingi 30,000. Ameweka kando 75,000 na kutumia 30,000, kwa hiyo zinabaki 45,000 kwenye ekari moja, bila kupunguza chakula cha mahindi. Hesabu inayosema ameokoa 75,000 nzima ingesikika vizuri zaidi mkutanoni, ila isingekuwa ya kweli, na wakulima wangeigundua siku ya mavuno.

Zipo pia faida ambazo hazionekani kwenye stakabadhi. Kwa sababu ardhi yake ni ya mchanga, urea ile haifai kumwagwa yote kwa siku moja. Aigawe mara mbili: ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota, ya pili yakiwa yamefika magotini, na kila mara aifukie kidogo ardhi ikiwa na unyevu. Urea iliyoachwa juu ya udongo wenye joto hupotea hewani kama gesi ya amonia, na mkulima hubaki akilalamika kwamba alinunua mbolea feki.

Ekari ya Kisarawe inaleta majibu mengine kabisa. pH ni 5.0, fosforasi ni miligramu 4, naitrojeni iko chini, na potasiamu iko chini. Mtu aliyesikia hesabu ya kwanza akaenda nyumbani na wazo kwamba DAP haina kazi angeliumiza shamba hili. Hapa fosfati inahitajika kwelikweli. Mfuko mmoja wa DAP kwa ekari una mahali pake.

Lakini hata hapa kipimo kinafungua mlango mwingine. Tanzania ina fosfati yake, inayochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, karibu na Ziwa Manyara, katika miamba iliyotokana na masalia ya ndege wa majini wa zama za kale. Mbolea ya Minjingu ya unga huyeyuka polepole, na ili iyeyuke inahitaji udongo wenye tindikali. Pale Mkuza, penye pH 6.2, ingekaa ardhini bila kusaidia sana. Kisarawe, penye 5.0, itafanya kazi, na chokaa iliyomo ndani yake itasaidia kidogo kuipunguza tindikali yenyewe. Ina fosfati karibu asilimia 28 hadi 30, kwa hiyo mfuko na nusu hivi unahitajika kufikia fosfati iliyomo kwenye mfuko mmoja wa DAP. Mkulima alinganishe bei dukani kwake, akikumbuka kwamba Minjingu hutoa chakula chake taratibu, na kwamba haina naitrojeni iliyomo kwenye DAP.

Kisha kuna mihogo. Zao hili husifiwa kwa kuvumilia ardhi mbovu, na sifa hiyo ni ya haki: pH 5.0 inayoyatesa mahindi, mihogo huimudu. Sifa hiyohiyo imewafanya watu waamini kwamba mihogo haichukui kitu. Kila tani ya mihogo mibichi inayotoka shambani huondoka na karibu kilo 3 za potasiamu. Ekari ikitoa tani 4, zimekwenda kilo 12 kwa mvuno mmoja, na udongo wa mchanga hauna akiba kubwa ya kuzirudisha. Mkulima akiona mizizi imekuwa myembamba mwaka hadi mwaka huongeza urea. Majani yananawiri, mizizi haibadiliki, kwa sababu namba ya mwisho ya urea na DAP, zote mbili, ni sifuri. Kipimo ndicho kinachoitaja potasiamu kwa jina, na tiba yake ni mbolea yenye potashi, pamoja na samadi na kuyarudisha majani na mashina shambani.

Hesabu ikishaeleweka, mkutano huuliza swali la kawaida: unapimaje? Hapa msemaji aache ubao, awatoe watu nje, aende nao shamba lililo jirani na jembe na ndoo. Kosa kubwa la kupima udongo hutokea shambani kabla sampuli haijafika maabara. Mashine ya mamilioni haiwezi kusahihisha udongo uliochotwa vibaya.

Kwanza mkulima huligawa shamba. Sehemu ya bondeni yenye udongo mweusi isichanganywe na ya mgongoni yenye mchanga mweupe, wala sehemu iliyokuwa ikiwekwa samadi isichanganywe na ile isiyowahi kuwekwa. Kila sehemu ina sampuli yake. Kisha hupita ndani ya sehemu hiyo kwa mwendo wa kupindapinda, akisimama mahali 15 hadi 20. Kila mahali hufagia majani makavu, huchimba shimo lenye kina cha sentimita 20, halafu hukata kipande chembamba cha ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini. Kwa mikorosho, miembe na michungwa hufuata ukingo wa kivuli cha mti, na huchukua pia udongo wa chini zaidi, sentimita 20 hadi 40, katika mfuko wa pili.

Mahali pa kukwepa panajulikana na kila mkulima akikumbushwa: palipochomwa taka au mkaa, palipokuwa na zizi, kwenye kichuguu, kando ya njia, na kwenye mstari uliowekwa mbolea msimu uliopita. Konzi moja tu ya majivu ndani ya ndoo inatosha kuipandisha pH na potasiamu ya sampuli nzima, na maabara italeta majibu mazuri ya shamba ambalo halipo.

Vipande vyote huingia kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati isitumike, kwa sababu bati hupakwa zinki, na zinki ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kupimwa. Udongo huchanganywa vizuri, hutandazwa kwenye turubai, hugawanywa mafungu manne, mawili ya pembeni yanayotazamana hutupwa, na kazi hiyo hurudiwa mpaka ibaki kilo moja au pungufu kidogo. Huanikwa kivulini, si juani wala jikoni. Ndani ya mfuko huwekwa karatasi yenye jina la mwenye shamba, jina la sehemu, kina, tarehe, zao lililopita, mbolea iliyowekwa na zao linalokusudiwa. Bila maelezo hayo maabara itatoa namba, lakini haitaweza kutoa ushauri.

Wapi pa kupeleka? Kwa mtu wa Mkuza njia ya kwanza ni ofisi ya kilimo ya halmashauri. Aprili 2022, jijini Dodoma, maafisa ugani walikabidhiwa pikipiki pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo kwa ajili ya halmashauri, na ni haki ya mkulima kuuliza kifaa cha halmashauri yake kiko wapi na kinafika lini. Njia ya pili ni maabara kamili. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, kilomita 150 hivi kwa barabara kuu ileile inayopita Kibaha. Kituo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, Tanga, ndicho kitovu cha utafiti wa udongo nchini. Bei hutegemea idadi ya vitu vinavyopimwa, kwa hiyo ni vyema kuuliza mapema na kuomba mambo ya msingi: pH, kaboni au mboji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, na aina ya udongo. Majibu hutumika kwa miaka mitatu hivi kabla ya kupima tena, na gharama igawanywe kwa miaka hiyo.

Kifaa cha mkononi na maabara havilingani, na ni muhimu mkutano uambiwe hivyo. Vifaa vingi vya mkononi hutumia mwanga: huumulika udongo, hupokea mwanga unaorudi, kisha huulinganisha na maelfu ya sampuli zilizokwisha kupimwa maabara. Kwa mboji, mfinyanzi na naitrojeni yote kwa ujumla makadirio huwa mazuri. Fosforasi na potasiamu ambazo mmea unaweza kuzifyonza haziachi alama ya moja kwa moja kwenye mwanga huo, na makadirio yake hukosea zaidi. Kwa mkulima anayetaka kuamua kama aache DAP au la, fosforasi ndiyo swali lenyewe. Kifaa kikisema fosforasi iko juu sana au chini sana, na historia ya shamba ikakubaliana nacho, anaweza kukiamini. Kikisema iko katikati, sampuli iende maabara.

Wapo watakaosimama na kusema, "Shamba langu nalijua, nimezaliwa juu yake." Wasipuuzwe. Mzee anayejua ni upande gani mahindi huwa ya njano kila mwaka ndiye anayejua pa kuligawa shamba kabla ya kuchimba. Dalili za majani nazo zina maana: njano inayoanzia ncha ya majani ya chini ni upungufu wa naitrojeni, zambarau kwenye mahindi machanga huashiria fosforasi, na kingo zilizoungua za majani ya chini huashiria potasiamu. Shida ni kwamba maji yaliyotuama nayo huleta njano, na mizizi iliyoumizwa na wadudu huleta zambarau. Tena dalili hutokea wakati fosfati, ambayo huwekwa wakati wa kupanda, imeshachelewa.

Wengine watasema mbolea za viwandani zinaharibu ardhi. Katika udongo wa mchanga kuna ukweli ndani ya malalamiko hayo. SA, na kwa kiasi kidogo zaidi urea na DAP, huongeza tindikali zinapotumiwa mfululizo, na mchanga hauna kinga kubwa dhidi yake. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa udongoni huanza kuyeyuka na kuifupisha mizizi, na fosfati iliyonunuliwa hukamatwa na alumini na chuma kabla mmea haujaifikia. Wakulima wa nyanda za magharibi mwa Kenya, walioweka DAP miaka mingi kwenye ardhi iliyokuwa na tindikali tayari, wamekutana na tatizo hilo na kushauriwa chokaa ya kilimo. Chokaa nayo hupimwa. Mchanga wenye pH 5.0 unahitaji chokaa kidogo kuliko mfinyanzi wenye pH hiyohiyo, na ukizidisha unaifungia mimea zinki na manganizi.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema mbele ya watu waliokuja na matumaini. Yapo mashamba ambayo kipimo kitaonyesha kwamba hakuna mbolea ya dukani itakayolipa kwa sasa. Wilayani Murehwa, Zimbabwe, watafiti waliwafuatilia wakulima wenye mashamba ya mchanga yaliyochoka, wakaona mahindi hayaitikii naitrojeni na fosfati kama inavyotarajiwa, mpaka samadi ilipowekwa kwa wingi kwa miaka kadhaa mfululizo. Mkulima wa Kibaha ambaye kaboni ya udongo wake imeshuka chini ya asilimia 0.6 yuko karibu na hali hiyo. Kwake fedha ya mwaka wa kwanza inafaa kwenda kwenye mbolea ya kuku iliyooza vizuri, kunde, na kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma.

Kwa asiyeweza kupata kipimo msimu huu ipo njia ya kujijaribia. Atenge vipande viwili vya mita 10 kwa 10, vilivyo karibu na vinavyofanana. Kimoja akipe DAP na urea, kingine akipe urea peke yake, huku akifidia naitrojeni ya DAP kwa nusu kilo ya urea. Avune kila kimoja peke yake na kupima kwa mizani. Mavuno yakilingana, ana sababu nzuri ya kushuku kwamba fosfati aliyoinunua haikuhitajika, na ya kuweka sampuli ya eneo hilo mbele ya nyingine zote atakapopata nafasi.

Vuli huanza Oktoba, na maabara huzidiwa na sampuli mvua zinapokaribia. Udongo wa kupandia vuli uchukuliwe Julai au Agosti, baada ya mavuno na kabla ya mbolea yoyote kurudi shambani. Wa masika uchukuliwe Januari. Wenyeviti wa mitaa na vijiji vya Kibaha na Kisarawe waliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano unaotangulia miezi hiyo, wamwite afisa ugani aje na jembe, ndoo ya plastiki na mifuko ya sampuli, na wampe muda wa kwenda shambani na watu.